Ukiiona nondo, bado hujamaliza kuvunja

Wadogo zangu, mvua za Machi hadi Mei zikishapita hapa Kampala, kazi za kukarabati balkoni zinaanza, na kosa ni lile lile. Kijana anavunja zege mpaka nondo ionekane, anasugua upande unaomtazama, anapaka dawa ya kutu, anaziba na kuondoka. Baada ya muda kiraka kinabanduka chote na kutu inacheka chini yake.

Tuchukue balkoni moja ya kawaida ya ghorofa kule Ntinda. Slabu ina unene wa milimita 150, imetokeza nje ya ukuta, nondo za juu ni za milimita 12. Maji husimama karibu na mlango kwa sababu mteremko wa sakafu ulisahauliwa. Nyufa zimefuata mstari wa nondo, na ukigonga kwa nyundo sauti inakuwa ya kitu kitupu.

1. Weka propu kabla ya kugusa patasi. Slabu iliyotokeza inashikiliwa na nondo za juu, hasa pale inapoungana na ukuta, na ndipo unapokwenda kuvunja. Propu zisiishie kwenye balkoni ya chini, kwani nayo huenda ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Shusha mzigo ghorofa kwa ghorofa hadi ardhini. Usimwache mwenye nyumba akakuharakisha hapa.

2. Kuvunja. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mnaponichosha. Uganda hatuna chumvi ya bahari. Mara nyingi adui wetu ni hewa. Kaboni dioksidi inapenya polepole, inaondoa ukali wa saruji uliokuwa ukiilinda nondo, kisha maji na oksijeni vinamaliza kazi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inalisukuma zege lipasuke. Sasa ukivunja mpaka nusu ya nondo, nusu ya nyuma inabaki ndani ya zege lililokwisha kulegea na kutu yake yote. Inaendelea kuvimba na kusukuma kiraka chako kutoka nyuma. Tena mota haiwezi kuizunguka nondo, kwa hiyo haina cha kushikilia.

Kwa hiyo pita nyuma ya nondo kwa milimita 25. Kama zege lililoifunika lilikuwa milimita 20, jumlisha nondo 12 na hizo 25: shimo linakuwa na kina cha karibu milimita 60. Fuata nondo mpaka ukute chuma kisafi, kisha ongeza milimita 50. Kingo zikate wima kwa grainda, kina cha milimita 10, usikate nondo. Ukingo mwembamba kama karatasi hung'oka kwanza. Mwishowe futa vumbi na unyunyizie fenolftalini kwenye zege lililotoka kuvunjwa. Likigeuka waridi, bado lina ukali. Lisipobadilika rangi kuzunguka nondo, ulinzi umekwisha, na ukiziba shimo hilo tu, kutu itahamia pembeni mwa kiraka. Mara nyingi lile eneo lililooza ndilo lililokuwa likiikinga nondo ya pembeni isiote kutu.

3. Pima nondo kwa kalipa baada ya kuisafisha, siyo kabla. Nondo ya 12 iliyobaki 10 ina eneo la milimita za mraba 79 badala ya 113: karibu theluthi moja imekwenda. Simama, mwite mhandisi. Nondo ya nyongeza inataka kupishana na nondo nzima, mara nyingi mara 40 ya kipenyo, yaani milimita 480 kila upande, hata ikibidi kuvunja hadi ndani ya sakafu ya chumba.

4. Brashi ya waya inang'arisha kutu tu. Piga mchanga kwa mashine ya upepo mpaka chuma kiwe cheupe kijivu, nyuma pia. Tumia kioo kidogo kukagua. Paka dawa ya kutu yenye saruji siku hiyo hiyo, tabaka mbili, la pili baada ya la kwanza kukauka. Ukiacha usiku kucha kwenye unyevu, utakuta nondo imeshaanza kuwa ya machungwa.

5. Mota: nunua ya daraja R4, lile la juu la mota za kurekebisha zege linalobeba mzigo. Shimo la mita 1.2 kwa 0.4 kwa milimita 60 ni lita 29; mfuko wa kilo 25 hutoa takribani lita 12 hadi 14, basi mitatu. Maji pima kwa jagi lenye alama, siyo "kwa macho". Lowanisha zege la zamani, lakini lisiwe na madimbwi, sugua mota ya kushikiza, na hiyo ikiwa bado mbichi, bonyeza mota ya R4 vizuri nyuma ya nondo. Funika kwa magunia yenye maji na nailoni kwa siku saba. Propu zibaki mpaka mhandisi aseme mota imefika nguvu yake. Rekebisha mteremko wa sakafu na uzuie maji mlangoni, vinginevyo utaitwa tena.