Adui Anapoanza Kuhutubia

Kwa nini adui asimpige stelingi risasi yaishe? Kamfunga kitini, bunduki anayo mkononi, halafu anaanza kumsimulia mpango mzima.

Kwa sababu hasemi na stelingi. Anasema na wewe uliyekaa mbele ya kioo.

Tazama hali ya mwandishi wakati huo. Kwa saa nzima amekuficha mpango wa adui, maana angekuambia mapema taharuki ingekufa. Sasa filamu imebakiza dakika ishirini, na kama hujui bomu liko wapi na linalipuka saa ngapi, huna cha kuogopa. Utaona watu wanakimbia tu. Ni lazima mtu akuambie, ila ni nani? Vibaraka wa adui mpango wanaujua tayari, kwa hiyo wakianza kuelezana watafanana na watu wanaosomeana barua waliyoiandika pamoja. Polisi hawaujui. Rafiki wa stelingi yuko mbali. Anayejua kila kitu ni mmoja, mwenye sababu ya kutaka kujua ni mmoja, na bahati nzuri wote wawili wamo chumba kimoja. Mwandishi aliyechoka anawaacha waongee.

Kosa liko hapo. Anayehitaji hotuba hiyo ni mwandishi, adui mwenyewe haihitaji. Mhakiki wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, aliliita kosa la muuaji anayeongea. Ukitaka kulipima, jiulize adui anapata nini kwa kusema. Akiwa anataka kumvuta stelingi upande wake, au anapima nani mwingine anajua siri, mazungumzo yana sababu. Akiwa anataka sifa tu, hicho ni kisingizio cha bei rahisi, ingawa nakiri kwamba mwigizaji hodari anaweza kukiuza.

Mume wangu anasema adui anaongea kwa sababu ni mjinga. Ni kweli?

Mjinga asingefika hapo. Amewashinda wapelelezi wa nchi tatu, amejenga maabara chini ya bahari na hakuna fundi hata mmoja aliyetoa siri. Ndiyo maana inaudhi: mtu aliyekuwa na akili kwa saa nzima anazipoteza kwa dakika nne, kisha anazipata tena ili apigane kwenye paa.

Waandishi wa zamani nao walifanya hivi, au ni ugonjwa wa sinema?

Wa zamani walikuwa na mlango ambao sinema iliufunga. Katika tamthilia ya jukwaani mhusika anaweza kubaki peke yake, akageukia hadhira na kuwaza kwa sauti. Shuleni tuliuita uzungumzi nafsia. Iago, adui katika Othello ya Shakespeare, anafanya hivyo tangu tendo la kwanza. Anatuambia atamtia Othello shaka juu ya mkewe, na mpango anausuka palepale mbele yetu. Sisi tunajua kila kitu, wenzake jukwaani hawajui lolote, naye hajahatarisha chochote. Ubaya unatuhusu, kwa kuwa tumekuwa wasiri wake bila kuombwa.

Sinema ilipozoea kujifanya hakuna mtazamaji, adui alinyang'anywa msikilizaji huyo. Hotuba ikabaki, sikio likaondoka, na naamini ndipo stelingi aliyefungwa kamba alipokabidhiwa kazi ya kuwa hadhira.

Angalia pia Iago anavyomaliza. Amekamatwa, na Othello anataka aulizwe kwa nini amemtega hivi roho na mwili. Kama kuna mtu duniani aliyestahili kuelezwa, ni huyo. Iago anajibu kwamba wasimuulize kitu, wanachokijua wanakijua, na kuanzia hapo hatatamka neno. Shakespeare alijua kwamba sisi tumeshaambiwa, hivyo akamwacha adui anyamaze mbele ya aliyeumizwa. Ukimya ule unaumiza kuliko hotuba yoyote.

Nitajie filamu moja iliyolitatua tatizo hili vizuri.

Goldfinger, ya mwaka 1964. Wengi wanakumbuka ile meza tu: James Bond amefungwa, mwale wa leza unakata chuma na kupanda taratibu kati ya miguu yake. Bond anamuuliza adui yake, Goldfinger, kama anategemea aongee. Goldfinger anamjibu kwamba hapana, anategemea afe, kisha anaanza kuondoka.

Ona kilichogeuzwa. Adui amekataa kuhutubia. Hana haja na Bond, wala hamuulizi kitu. Anayelazimika kuongea ni mfungwa, naye ananunua uhai wake kwa maneno mawili, Grand Slam, jina la operesheni alilolisikia mapema alipokuwa amejificha karibu na kiwanda. Maana yake haijui. Anasema tu kwamba akifa, mwenzake atakayetumwa badala yake anajua anachokijua yeye, na anamuuliza Goldfinger kama yuko tayari kuchukua hatari hiyo. Leza inazimwa. Bond hajaokolewa na kamba mbovu wala mlinzi aliyesinzia. Ameokolewa na shaka aliyoipanda kichwani mwa mtu mwangalifu, na adui anafanya uamuzi ambao mtu mwenye akili angeufanya: kumweka hai kuliko kubahatisha.

Mpango wenyewe tunausikia baadaye, na kwa vipande viwili. Kwanza Goldfinger anawaeleza wakuu wa magenge waliomletea vifaa, akitumia mfano mkubwa wa ghala la dhahabu la Fort Knox, kwamba wataivamia. Bond amejificha chini ya mfano huo akisikiliza. Halafu wale wakuu wanauawa kwa gesi chumbani humo. Hapo filamu inayumba kidogo, maana kama nia ilikuwa kuwaua, maelezo yote yale yalikuwa ya nini?

Kipande cha pili ndicho ninachokipenda. Bond anamkosoa Goldfinger kwa hesabu: dhahabu ya dola bilioni 15 ina uzito wa tani 10,500, na watu 60 wangehitaji siku 12 kuipakia kwenye malori 200, wakati jeshi litafika ndani ya saa chache. Goldfinger anatabasamu na kuuliza nani alisema ataiondoa. Bond anaunganisha mwenyewe: bomu la atomiki litaichafua dhahabu kwa mionzi, isiguswe kwa miaka mingi, na ya Goldfinger ipande thamani. Mpango wote umetufikia kupitia ubishi. Aliyefanya kazi kubwa ya kuueleza ni stelingi, na adui amesahihisha tu.

Adui akiongea, stelingi anakata kamba. Mbona siku zote muda unatosha?

Kwa sababu muda huo ulipimwa kinyumenyume. Mwandishi anaanza na kamba: inahitaji nini ikatike, na itachukua muda gani kuaminika. Kisha anarefusha hotuba ifike hapo. Watu wa skripti wana kipimo cha kukadiria, ukurasa mmoja kwa dakika moja, kwa hiyo ukiona hotuba ya kurasa tatu jua kuna dakika tatu za kusugua kamba zinazofichwa nyuma yake.

Uaminifu wa mandhari hiyo hauamuliwi humo chumbani. Unaamuliwa dakika arobaini nyuma. Kama kipande cha kioo kilionekana kikianguka mfukoni mwa stelingi wakati hakuna anayekijali, kukitumia sasa ni malipo ya deni. Kikitokea ghafla, ni zawadi kutoka kwa mwandishi, na mtazamaji hunung'unika hata asipojua kwa nini. Mimi nikitazama filamu huwa siitazami midomo ya adui. Natazama mikono ya aliyefungwa, na kama kamera inaikwepa sana, najua tayari.

Naandika hadithi. Adui wangu anataka kufungua milango ya bwawa usiku, mji ufurike, anunue ardhi kwa bei ya kutupa. Hotuba yake ni kurasa nne na mhariri kaikataa. Nikate wapi?

Usikate kwanza. Chukua kalamu, weka alama kwenye kila jambo ambalo msomaji asipolijua hataelewa mbio za mwisho. Nimeisoma hotuba yako. Nimepata matatu: ni bwawa, ni saa sita usiku, na kuna gurudumu la kufungia milango kwa mkono. Utoto wa adui, kaka aliyemdhulumu na falsafa yake kuhusu wanyonge vimechukua kurasa mbili na nusu, na havimsaidii mtu yeyote kukimbia.

Sasa yaondoe hayo matatu kinywani mwake. Gurudumu lionekane mapema, stelingi anapotembezwa bwawani na mhandisi analalamika kwamba lina kutu. Saa ijulikane kwa adui kumuuliza kibaraka, kwa sababu zake mwenyewe, maji yatafika darajani lini. Linabaki bwawa, na sababu ya ardhi.

Kisha mpe adui shida. Tuseme nakala ya michoro ya bwawa imepotea na stelingi ndiye anayejua ilipo. Sasa ana sababu ya kumwacha hai na ya kumhoji. Na stelingi asiulize, akosee kwa makusudi:

"Utaliuza bwawa kwa serikali. Fidia nono."

"Fidia?" Adui akacheka. "Nani anahangaika na bwawa? Asubuhi hakuna atakayetaka kiwanja kule chini hata kwa bure."

Mistari miwili, msomaji kaelewa. Mtu mwenye majivuno humnyima jibu anayemuuliza, lakini akidharauliwa mpango wake hawezi kuvumilia. Jihadhari tu usiitumie mbinu hii mara mbili katika hadithi moja; mara ya pili adui ataonekana mtoto. Kaka yule baki naye, sentensi moja, kama mhariri atakuruhusu.

Nimechoka. Stelingi hafi, najua hafi. Sasa taharuki itoke wapi?

Itoke kwenye kitu kingine kinachoweza kupotea. Mwandishi anayeuliza "atakufa?" ameuliza swali lenye jibu moja. Anayeuliza "atachelewa?" ana majibu mengi.

Mfano mkali ninaoujua uko kwenye hadithi ya vibonzo Watchmen, ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Katika toleo la 11 mashujaa wawili wanamfikia adui, Adrian Veidt, makazini kwake Antaktika. Anawaeleza kila kitu kwa kirefu, utoto wake, nadharia zake, mauaji yenyewe, na wewe msomaji unaanza kutulia kwa sababu umeshazoea: adui anayeongea ni adui atakayezuiwa. Mashujaa nao wanamsikiliza hivyo hivyo, wakisubiri zamu yao. Mmoja anamuuliza alipanga kuyafanya mauaji hayo lini. Veidt anawauliza kama kweli wanadhani angewaeleza iwapo kungekuwa na nafasi hata ndogo ya wao kubadili matokeo. Ameyafanya dakika 35 zilizopita.

Wote wawili wako hai, hakuna aliyewaelekezea bunduki.