Shimo la mita 2, tripu 4 za udongo: nani kakosea?

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Amechimbisha shimo la maji taka nyuma ya nyumba, kipenyo mita 2 na kina mita 3. Akapiga hesabu yake: 3.14 mara 1 mara 1 mara 3, akapata mita za ujazo 9.4. Lori aliloita linabeba mita za ujazo 5, kwa hiyo akatenga hela ya tripu 2. Dereva kamaliza tripu 4 na anadai zote. Swali lake: nimeibiwa?

Hujaibiwa, ndugu yangu. Hesabu yako ya pai haina kasoro, ila umehesabu shimo ambalo halikuchimbwa, halafu ukasahau kwamba udongo ukitoka ardhini unaumuka. Makosa hayo mawili hayajumlishwi. Yanazidishana, na ndiyo maana yamekufikisha karibu mara mbili.

Tuanze na shimo. Mita 2 uliyoitaja ni kipenyo cha ndani, baada ya kujenga. Tofali la inchi 6 lina unene wa sentimita 15, na liko pande zote mbili za kipenyo, kwa hiyo tayari umefika mita 2.3. Fundi naye anahitaji upenyo nyuma ya ukuta. Hata ukimbana kwa sentimita 5 tu kila upande, kinachochimbwa ni mita 2.4. Wengi husema "ni sentimita 40 tu hizo". Lakini kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe: 3.14 mara 1.2 mara 1.2 mara 3 ni 13.56. Umeongeza kipenyo kwa asilimia 20, ujazo umepanda kwa asilimia 44, na hapo hatujagusa koleo.

Sasa kuumuka. Ardhini udongo umekaa umebanwa na uzito wa miaka. Sururu ikiuvunja unatoka mabonge mabonge, na katikati ya bonge na bonge kunabaki hewa. Uzito ni uleule, nafasi inayochukuliwa ndiyo inayokua. Mchanga na changarawe huongezeka kidogo, kama asilimia 10 hadi 15, kwa sababu punje zake hujipanga upya haraka. Udongo wa kawaida wa shamba ni kama 25. Mfinyanzi, unaotoka kwa mabonge magumu, ni 30 hadi 40. Mwamba uliovunjwa unapita 50. Msomaji wetu anasema udongo wake ni mfinyanzi mwekundu, basi tuchukue 35: 13.56 mara 1.35 ni mita za ujazo 18.3. Gawa kwa 5, unapata 3.7. Hakuna robo tatu ya tripu, kwa hiyo ni 4. Dereva yuko sahihi.

Hata udongo kidogo ukirudishwa nyuma ya ukuta, jibu halibadiliki. Ile nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shimo lote ni kama mita ya ujazo 1.1. Ukiijaza na kuishindilia itakula kama mita moja na nusu ya udongo uliolegea, na zinazobaki karibu 17 bado ni tripu 4.

Hizo asilimia ni za kuanzia tu. Kabla ya kukubaliana bei na mtu, pima udongo wako mwenyewe, kazi ya nusu saa. Chimba kijishimo cha sentimita 30 kwa 30 kwa 30, kuta zikiwa wima. Hicho ni lita 27. Udongo wote uliotoka, hata ule wa vumbi chini, uweke kwenye ndoo ya lita 20 bila kuugonga wala kuukanyaga, sawazisha juu, mwaga, jaza tena. Ukipata ndoo moja na robo tatu, ni lita 35. Gawa 35 kwa 27, jibu ni 1.3, yaani udongo wako unaumuka kwa asilimia 30.

Kinachoharibu kipimo hiki ni kijishimo chenyewe. Kuta zikiwa zimemeguka, lita 27 ni za kwenye karatasi tu. Ukiona hivyo, tandika nailoni ndani ya kijishimo, iguse kuta vizuri, kisha mimina maji kwa chombo cha lita unachokijua mpaka yafike usawa wa ardhi. Idadi ya lita za maji ndiyo ujazo halisi. Pia usipime juu peke yake. Pale juu kuna mizizi na udongo laini, mfinyanzi mzito unaanza chini. Vibarua wakifika mita 1, rudia kipimo humohumo shimoni.

Na tusichanganye mambo: udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Hilo ni tatizo la msingi wa nyumba, na halihusiani na kuumuka kwa kuchimbwa ninakokusema hapa.

Ugomvi mwingi kwenye saiti unatokana na kutosema ni mita ipi inalipwa. Mchimbaji hupimwa shimoni, kwa hiyo wake ni 13.56. Dereva hupimwa kwenye bodi, kwa hiyo wake ni 18.3. Wote wawili ni wa kweli. Anayemlipa mchimbaji kwa kuhesabu tripu anamzidishia theluthi nzima, na anayemlipa dereva kwa vipimo vya shimo anamdhulumu. Bodi nayo ipime kwa futikamba, usiulize. Urefu mita 3.6, upana 2, kimo 0.7, hiyo ni 5.04. Kimo pima kwa ndani, kutoka sakafu ya bodi hadi ukingo, na mkubaliane mapema kama tripu ni ya kusawazisha au ya kilima.

Ukitaka kurudi nyuma, kutoka udongo uliolegea kwenda shimo, gawanya, usitoe. Nimeona watu wazima wakichukua 18.3 na kupunguza asilimia 35, wanapata 11.9. Jibu sahihi ni 18.3 gawa kwa 1.35, unarudi 13.56 palepale.

Jambo la mwisho ni mahali pa kumwaga. Mita 18 zikikaa chungu moja zinafanya kilima chenye kipenyo cha karibu mita 6 na kimo karibu mita 2. Kiwanja kidogo hakina nafasi hiyo, na ndipo vibarua wanaporundika ukingoni mwa shimo ili wasitembee. Mfinyanzi wenye unyevu ardhini una kama tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo rundo lote ni kama tani 24, na kuumuka hakujaupunguza uzito huo hata kilo moja. Uzito huo ukiwa ukingoni unasukuma ukuta wa shimo ndani, kuna mtu yuko chini mita 3. Acha angalau mita 1 tupu kuzunguka mdomo wa shimo. Ukiona ufa umejichora juu ya ardhi sambamba na ukingo, toa watu kwanza, hesabu za tripu zitasubiri. Kwa kiwanja kilichobana ni heri lori lije mara ya kwanza vibarua wakiwa wamefika mita 1. Kufikia hapo zimetoka mita 4.5 za shimoni, ambazo zikilegea ni 6.1: bodi inajaa, na kinachobaki juu kinaenea pembeni bila kukaribia ukingo.