Hesabu ya wanga kwa mfuko wa kawaida: jinsi ninavyosoma pakiti hapa Lamu

Tangu mume wangu agundulike ana sukari, nyumbani kwetu Langoni tunakula wanga kwa kipimo. Tulikubaliana na daktari tusivuke gramu 130 kwa siku, kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa mpaka wa ulaji wa wanga kidogo. Na kabla sijaenda mbali: kama mgonjwa wako anajidunga insulini au anameza vidonge vya aina ya glibenklamaidi, usimpunguzie wanga kabla ya kuongea na daktari wake. Dawa iliyopimwa kwa mtu anayekula sinia la wali, siku akila mchicha na samaki peke yake, itamshusha sukari mpaka atetemeke, atokwe jasho na pengine azirai. Chakula na dozi hupunguzwa pamoja.

Sasa tuje dukani. Bidhaa nyingi zinazovushwa kutoka Mokowe zimetoka nchi mbalimbali, na kila moja imeandikwa kivyake. Nyuma ya pakiti tafuta mstari wa kabohaidreti, ndio huo wanga. Mstari wa sukari ulio chini yake ni sehemu tu ya wanga huo, kwa hiyo biskuti inayojitangaza haina sukari bado inaweza kuwa na gramu 60 za wanga na zaidi katika kila gramu 100, kwa sababu ngano iko palepale. Halafu tazama namba hiyo ni ya kiasi gani. Mara nyingi utakuta safu mbili, moja ya gramu 100 na nyingine ya kipimo cha mlo kilichopangwa na kiwanda, mfano biskuti mbili. Mimi hulinganisha bidhaa kwa safu ya gramu 100 tu, maana kipimo cha mlo kila kiwanda kinajipangia. Ila maziwa ya unga yanahitaji uangalifu: unga wenyewe una wanga kama gramu 38 katika gramu 100, lakini ukishakorogwa na maji, mililita 100 za maziwa zina kama gramu 5. Namba zote mbili ni za kweli. Angalia tu unasoma ya kopo au ya kikombe.

Linalowatatiza wengi ni faiba, yaani nyuzinyuzi. Mwili hauigeuzi faiba kuwa sukari kama unavyofanya wanga mwingine, kwa hiyo hatuihesabu. Tatizo ni kwamba pakiti za Marekani huichanganya ndani ya namba ya wanga, ilhali za Uingereza, Ulaya na Afrika Kusini huitenga. Ukitoa faiba mahali ambapo kiwanda kilishaitoa, umeitoa mara mbili.

Chukua mikebe miwili ya siagi ya karanga. Wa kwanza umeandikwa, kwa gramu 100: protini 25, mafuta 50, wanga 20, faiba 7. Jumlisha vyote vinne, unapata 102. Gramu 100 za chakula haziwezi kubeba gramu 102, kwa hiyo faiba imo ndani ya ile 20. Toa 7, unabaki na wanga wa gramu 13. Mkebe wa pili unasema protini 25, mafuta 50, wanga 13, faiba 7. Jumla ni 95, na hizo 5 zilizobaki ni maji kidogo na madini. Hapa faiba imeshatengwa, wanga ni 13 kama ulivyoandikwa. Ni karanga zilezile. Anayetoa 7 kwenye mkebe wa pili ataamini anakula 6, kumbe anakula zaidi ya mara mbili yake. Kipimo hiki kinafaa kwa vyakula vikavu. Tui la kopo lina maji mengi, jumla yake haitafika 100 hata iweje. Na kwa mchele, unga mweupe na maziwa usijisumbue, faiba yao ni ndogo mno kubadili hesabu.

Unga wa brauni nao usikudanganye kwa rangi yake. Nafuu ipo, lakini ukishatoa faiba bado unabaki na wanga kama gramu 60 katika gramu 100, wakati mweupe una kama 73. Ikiwa bei imepanda sana, mimi hununua mweupe na kupunguza idadi ya chapati.

Wengi huniuliza watapimaje bila mizani. Pakiti yenyewe ni mizani, kwa sababu uzito wake umeandikwa. Tuchukue mahamri. Kilo moja ya unga mweupe ina wanga gramu 730. Tia sukari robo kilo, hiyo ni gramu 250 kamili. Jumla 980, tui linaongeza kidogo tu, tuliache. Ukikata madonge 10, kila donge ukalisukuma na kuligawa mara nne, umepata mahamri 40. Gawanya: hamri moja ni kama gramu 24 na nusu.

Basi tuhesabu kifungua kinywa chetu cha asili. Mahamri manne ni gramu 98. Mbaazi zilizopikwa, faiba ikishatolewa, zina kama gramu 16 katika gramu 100, kwa hiyo bakuli la kawaida ni gramu 27 hivi. Umefika 125 kabla jua halijapanda, na chai ya sukari hatujaigusa. Mume wangu sasa hula hamri moja, nusu bakuli la mbaazi na mayai mawili, chai bila sukari. Hiyo haifiki gramu 40. Nimepunguza pia sukari kwenye kinyunga, nusu ya zamani, na iliki nimeongeza. Wali nao ni hivyohivyo: nusu kilo ya mchele mkavu ina wanga gramu 400, kwa hiyo jua sufuria imegawiwa watu wangapi.

Pesa nayo? Usiipeleke kwenye vyakula vya kigeni vilivyoandikwa ni vya wanga kidogo. Kwa bei ya kipakiti cha unga wa lozi mimi nanunua mayai ya wiki nzima. Vitu vyenye wanga kidogo kuliko vyote hapa kwetu havina hata pakiti. Samaki hana wanga kabisa, na samaki wadogo kama simu au dagaa wana protini nzuri kama nguru kwa bei ndogo zaidi. Yai halifiki gramu moja. Nyama ya nazi ina wanga 15, lakini 9 ni faiba. Mchicha, kabichi, bamia na bilinganya unaweza kujaza sahani navyo. Korosho ndizo za kuziangalia: zinakaribia gramu 30 na faiba yake ni chache, wakati karanga, za bei nafuu, zina kama nusu ya wanga huo.

Bahari ikichafuka wakati wa kusi samaki hupanda bei, na hapo ndipo watu hurudi kwenye wali mtupu. Mimi miezi hiyo hutumia mayai na ng'onda. Ng'onda huilowesha usiku kucha na kuyabadili maji, maana chumvi yake haimfai mwenye presha, kisha naipika kwa tui na bilinganya nyingi, na wali kijiko cha upawa kimoja kwa mume wangu.