Njumu za vijana kwenye uwanja wa changarawe

"Nanunulia timu ya vijana njumu, uwanja wetu ni changarawe tupu. Nichukue za meno marefu au mafupi?"

Mafupi, kocha, tena mengi. Tafuta zenye herufi TF: soli nzima ni ya mpira, imejaa vijino vidogo. Za FG zimetengenezwa kwa ajili ya uwanja wa nyasi, meno yazame ardhini. Kwenye changarawe hayazami, hivyo uzito wote wa mtoto unabaki juu ya ncha chache za plastiki ngumu. Akianza kulalamika kisigino au kukanyaga kwa pembeni, kagua viatu kwanza.

Dukani kunja kiatu: kipinde penye mzizi wa vidole, si katikati. Halafu angalia ncha ya mbele. Soli iliyoshonwa pale hudumu kuliko ya gundi pekee, maana changarawe huanza kubandua hapo.

Bei igawe kwa miezi. Jozi ya 30 ikidumu miezi mitatu ni 10 kwa mwezi. Ya 40 ikifika minane ni 5. Ila mguu wa mtoto hukua, kwa hiyo usilipie uimara wa miaka miwili.

Mvua ikinyesha sana, TF huteleza kwenye tope.