Mume wangu ameacha duka na madeni. Fedha ipi ni halali niiguse?

SWALI: Asalaam aleikum shehe. Mume wangu amefariki wiki sita zilizopita, sisi ni wakazi wa Pasua, Moshi. Ameacha duka la nafaka Mbuyuni, bajaji moja, fedha benki na kwenye simu. Watoto ni watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja, wa kwanza yuko kidato cha pili. Mama mkwe yuko hai. Nyumba ni ya kupanga. Hesabu zote alizishika marehemu, mimi nilipewa tu ya matumizi. Sasa watu wanakuja kudai, shemeji anataka bajaji, na mwanangu mkubwa anaijua namba ya siri ya simu ya baba yake. Niko edani. Nianzie wapi, na ipi ni yangu?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na akupe subira, dada yangu.

Kabla ya kutafuta kipi ni chako, tafuta kwanza kipi ni cha marehemu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, kila Mwenyezi Mungu anapotaja mafungu ya warithi anarudia kwamba ni baada ya wasia na deni. Gharama za maziko zinatangulia, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ndicho mirathi. Kwa hiyo leo hakuna mtu, si wewe wala shemeji yako, anayeweza kunyoosha kidole akasema bajaji ni yangu.

Na usione haya kulisimamia jambo hili. Mke wa Saad bin Rabii, swahaba aliyeuawa Uhud, alimwendea Mtume (s.a.w.) akiwa na binti zake wawili, akasema ami yao amechukua mali yote. Aya ya mirathi ilipoteremka, Mtume alimwita yule ami akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho chake. Mjane yule alikwenda mwenyewe kuidai haki ya watoto wake.

Kuhusu eda, ni miezi minne na siku kumi, na usiku unalala nyumbani kwako. Lakini kutoka mchana kwa haja ambayo hakuna wa kukutoshelezea, wanazuoni wengi wameruhusu. Benki na mahakama ni haja. Nenda asubuhi ukiwa na mahram au mwanamke mwenzako, bila kujipamba, urudi kabla ya magharibi.

Namba ya siri ya simu, mwambie kijana asiiguse. Kuanzia roho ya baba yake ilipotoka, salio lile limekuwa la wadai na warithi, na bibi yake ni mmoja wao. Laini usiitupe na meseji za miamala usizifute. Zitakufaa kuliko unavyodhani, nitakueleza.

Njia iliyo safi ni hii. Ukoo ukae kikao, umpendekeze msimamizi wa mirathi, na muhtasari uandikwe na kusainiwa na waliohudhuria. Msimamizi unaweza kuwa wewe, na mimi naona uwe wewe, pengine pamoja na mtu mwingine mwaminifu wa upande wa marehemu ili maneno yapungue. Chukueni muhtasari huo na cheti cha kifo cha RITA mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo. Tangazo litabandikwa, mwenye pingamizi ajitokeze, kisha utapewa barua ya usimamizi. Hiyo barua ndiyo itakayofungua mlango wa benki na wa kampuni ya simu. Ndani ya miezi minne unatakiwa urudishe mahakamani orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya ulivyogawa. Usimamizi ni amana, haukufanyi kuwa mwenye mali.

Sasa madeni, maana hapa ndipo wajane wengi wanapoumia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba nafsi ya muumini imefungika na deni lake mpaka lilipwe. Kwa huruma hiyo mjane analipa kila anayebisha hodi. Nilimsimamia jamaa yangu mmoja aliyefiwa na mumewe, tukamlipa mtu shilingi laki nne siku ya arobaini. Miezi miwili baadaye tukaikuta kwenye daftari la marehemu, imepigwa mstari na tarehe ya malipo pembeni. Zilikuwa fedha za mayatima, nami ndiye niliyeshauri zitolewe.

Anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Mpokee kwa heshima, umwandike jina, kiasi, tarehe, na deni lilitokana na nini, umwambie utamjibu baada ya kulinganisha. Kisha fungua daftari la duka. Najua utakachokikuta, kwa sababu madaftari ya sokoni yanafanana: "Mama Neema 45", "mzee wa Himo gunia 3", bila kusema nani anamdai nani. Kaa na kijana wa dukani. Muulize marehemu aliandika wapi mali iliyoingia kwa mkopo na wapi iliyotoka kwa mkopo, na mstari wa kukata ulimaanisha nini. Halafu chukua simu, tafuta meseji za miamala za tarehe hizo. Ukiona marehemu alikuwa akimtumia mtu yuleyule fedha kila baada ya wiki mbili, huyo aghlabu ndiye anayemletea mzigo, na malipo yale yanaonyesha deni limebaki kiasi gani. Ukiona fedha zinaingia kutoka kwake, basi huenda yeye ndiye mdaiwa.

Kama marehemu alikopa SACCOS, usiulize deni peke yake. Uliza pia akiba na hisa zake, maana hukatwa kwenye deni, na uliza kama mkopo ulikuwa na bima ya kifo. Ipo mikopo ambayo bima hulipa salio lote, na familia isiyouliza ikaendelea kurejesha. Kwa upande wa dini, rasilimali ya mkopo ni deni la kulipwa. Riba waombe wakusamehe. Wakikataa na ikalazimu, umelipa kwa kulazimishwa na dhambi si yako. Usiwaache wadhamini wake wakatwe akiba zao.

Lipo pia deni ambalo wewe mwenyewe unaweza kuwa umelisahau, nalo ni mahari. Tazama cheti cha ndoa au waulize mashahidi wa nikaha. Ikiwa ilibaki sehemu ambayo hukulipwa wala hukuisamehe, wewe ni mdai kama wadai wengine na unalipwa kabla ya mirathi. Halipunguzi fungu lako la urithi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme benki kuna 3,100,000, kwenye simu 400,000, nafaka iliyomo dukani kwa bei ya leo sokoni 7,500,000, na bajaji ingeuzika 6,000,000. Jumla 17,000,000. Fedha ambazo marehemu aliwadai wateja usizitie humu, ziandike ukurasa wake na zigawanywe kila zikilipwa. Gharama za maziko 300,000, deni la muuza jumla 2,800,000, SACCOS baada ya kukata akiba 1,400,000, na mahari yako 500,000. Hizo ni 5,000,000. Kama hakuna wasia, mirathi ni 12,000,000.

Wewe una thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto: 1,500,000. Mama yake ana sudusi: 2,000,000. Zinabaki 8,500,000 kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, yaani kila mvulana 3,400,000 na binti 1,700,000. Shemeji yako hana fungu, kwa sababu watoto wa kiume wa marehemu wamemzuia. Mwambie kwa upole, na ikibidi nendeni wote BAKWATA wilayani mkasomewe hesabu hiyo mbele yake. Lakini mama mkwe usimsahau hata kidogo. Nimeona wajane waliodhulumiwa na ukoo wakamdhulumu bibi kizee kwa hasira.

Mpaka mgawanyo ufanyike, duka linaendelea na bajaji inaleta hesabu. Mapato hayo ni ya nani? Ni ya warithi wote kwa mafungu yaleyale. Faida ya 120,000 ikipatikana, 15,000 ni yako, 20,000 ya mama mkwe, 34,000 ya kila mvulana na 17,000 ya binti. Na ujue faida ni ipi. Gunia lililonunuliwa 80,000 ukiliuza 90,000, si 90,000 uliyoipata. Themanini ni mtaji, irudi kwenye mzigo. Katika ile kumi, toa kwanza kodi ya kibanda, kijana wa dukani, upakuaji. Mwanzoni droo itaonekana imejaa, na mwenye kula kutoka kwenye droo hugundua baada ya mwezi kwamba stoo imebaki tupu. Kwa hiyo kila Ijumaa hesabu magunia, si noti peke yake. Magunia yakipungua na fedha ya kununulia mengine haipo, unakula mtaji wa mayatima.

Nafaka iliyoanza kuingia dumuzi msingoje mahakama ikaharibika. Kubalianeni nyumbani, mbele ya shahidi, muuze kwa bei ya soko na muiandike.

Chakula na ada za watoto zinatoka kwenye fungu lao, kwa wema na bila israfu. Chakula chako mwenyewe kiandike upande wa thumuni yako. Na kwa kuwa unafanya kazi dukani, unaweza kupata ujira kama ule angelipwa mtu mwingine, ukubaliane na mama mkwe na msimamizi mwenzako kabla, si kujikatia kimyakimya. Katika aya ya 6 ya sura hiyohiyo, anayesimamia mali ya yatima akiwa fukara ameruhusiwa kula kwa wema, na aliye tajiri ajizuie. Aya ya 10 inayofuatia unaijua, ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

Rambirambi zilizowekwa mkononi mwako si mirathi, kwa sababu marehemu hakuzimiliki. Ni za aliyekusudiwa na mtoaji. Hizo, dada yangu, ndizo unazoweza kununulia unga leo jioni bila kungoja mtu. Kama zimekwisha, chukua kwenye faida ya duka kiasi cha chakula, andika tarehe na kiasi, na mpigie mama mkwe simu leo hii umjulishe.

Wallahu aalam.