Saa ya webina

"Waliojisajili webina yetu ya mikopo wengi waliingia saa siyo. Nibadilishe nini kwenye ukurasa na imeili?"

Anza na saa. Ukiandika "2:00" tupu, mmoja anasoma saa nane mchana, mwingine saa mbili usiku. Andika hivi: "Alhamisi, saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki, Maskati saa 3:00 usiku." Ambatisha na faili la kalenda la .ics lenye ukanda wa saa, simu ya kila mtu itajigeuzia yenyewe.

Anayekushauri uongeze vikumbusho yuko sawa nusu: vikumbusho kumi vyenye saa yenye utata havisaidii. Kichwa cha imeili kianze na saa, maana simu hukata maneno ya mwisho: "Alhamisi saa 2 usiku: kusoma ratiba ya marejesho". Usiandike "kesho", wengine huifungua siku inayofuata.

Kwenye ukurasa, kichwa kama "Fursa za Kifedha" hakimwambii mtu chochote. Weka: "Jua jumla utakayolipa kabla ya kusaini mkopo", na chini yake: "Utaondoka na jedwali la kukokotoa riba." Kama jedwali halipo, usiliahidi.