Kugawa kodi, umeme na mshahara wa mkurugenzi kati ya miradi kadhaa

Asasi nyingi hapa Mwanza hupanga ofisi moja na kuendesha humo miradi mitatu au minne, kila mmoja ukiwa na mfadhili wake. Katika miaka niliyoshughulikia hesabu za asasi za namna hiyo, nimeona gharama za pamoja zikigawanywa kwa kutazama bajeti ya mradi upi bado ina fedha, na hilo ndilo jambo ambalo mkaguzi hulikataa mapema kuliko yote. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kanuni ya 2 CFR 200.405 inakataza waziwazi kuhamishia gharama ya mradi mmoja kwenye mradi mwingine ili kuziba upungufu wa fedha. Kigezo cha mgawanyo hupima matumizi, yaani nani ametumia chumba, umeme au muda wa mtu, wala hakipimi uwezo wa kulipa.

Tuchukue mfano wa ofisi iliyopo Nyamanoro, ambayo kodi yake ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Mradi wa wakaushaji dagaa una wafanyakazi watano wanaokaa ofisini, mradi wa maji una watatu, na mradi wa vijana una mmoja. Yupo pia afisa mmoja anayehudumia wanachama na kutafuta fedha, ambaye hayumo katika mradi wowote. Mradi wa dagaa una wengine watatu walioko Nansio, lakini hao wana chumba chao kinacholipiwa moja kwa moja na mradi, kwa hiyo hawahesabiwi hapa.

Kishawishi kikubwa ni kugawa kodi kwa watu tisa wa miradi na kumsahau yule afisa. Ukifanya hivyo, mradi wa dagaa utalipa shilingi 1,000,000. Ukigawa kwa watu kumi, kama inavyopaswa, utalipa 900,000, mradi wa maji 540,000, wa vijana 180,000, na asasi yenyewe itatoa 180,000 kutoka mapato yake. Najua fungu hilo la asasi ndilo linaloumiza, kwa kuwa halina mfadhili. Hata hivyo, kulificha kunamaanisha kwamba wafadhili wanalipia kazi wasiyoiagiza, na kwa mwaka mzima mradi wa dagaa peke yake utakuwa umetozwa shilingi 1,200,000 zisizouhusu, ambazo mkaguzi anaweza kuagiza zirudishwe.

Kwa umeme, idadi ya watu haitoshi iwapo kuna kifaa kinachokula umeme usiku na mchana. Mradi wa maji ukiwa na jokofu na mashine ya kuoteshea vimelea vya sampuli, ufungiwe mita ndogo ya ndani. Tuseme mwezi huu ofisi imetumia yuniti 600 zilizogharimu shilingi 210,000, na mita ndogo inaonyesha 240. Asilimia 40, yaani shilingi 84,000, iende moja kwa moja kwenye mradi wa maji, na shilingi 126,000 zilizobaki zigawanywe kwa kigezo kilekile cha watu kumi. Mradi wa maji utalipa jumla ya shilingi 121,800, badala ya 63,000 ambazo ungelipa kwa kuhesabu watu tu. Kwa kuwa LUKU hulipwa kabla ya matumizi, soma yuniti zilizobaki kila siku ya mwisho wa mwezi, la sivyo umeme ulionunuliwa tarehe 29 utahesabiwa katika mwezi usiohusika.

Mshahara wa mkurugenzi, pamoja na michango ya mwajiri, ugawanywe kwa fomu ya muda wa kazi inayojazwa kwa saa halisi na kuidhinishwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Katika saa 160 za mwezi, akiandika 64 kwa dagaa, 48 kwa maji, 8 kwa vijana na 40 kwa asasi, mgawanyo unakuwa asilimia 40, 30, 5 na 25. Kikao cha bodi na uandishi wa maombi mapya ya fedha ni saa za asasi. Fomu za kubuni hutambulika upesi: asilimia hazibadiliki mwezi hadi mwezi na zinalingana kabisa na bajeti, au kitabu cha safari za gari kinaonyesha kwamba alikuwa Sengerema kwa kazi ya maji siku aliyojiandikia dagaa. Kabla ya kutoza mshahara huo, soma pia mkataba, kwa maana mfadhili anayelipa asilimia maalumu kwa gharama za uendeshaji huenda amekwisha kuujumuisha humo, na kuutoza tena kama gharama ya moja kwa moja ni kulipwa mara mbili.

Mradi wa vijana ukiisha mwezi Septemba na mfanyakazi wake akaondoka, kuanzia Oktoba kodi hugawanywa kwa watu tisa, na fungu la dagaa hupanda hadi shilingi 1,000,000. Iwapo bajeti yake ya kodi inaishia 900,000, omba kibali cha mfadhili cha kuirekebisha. Akikataa, shilingi 100,000 zinazozidi hubebwa na asasi, hata kama mradi wa maji una salio. Badiliko hilo liandikwe siku linapoanza, likionyesha tarehe, idadi mpya ya watu na saini ya aliyeliidhinisha, na nakala yake iambatishwe kwenye hati ya malipo ya kodi ya mwezi huo.